Mwongozo kamili: sentensi ndefu ya kiofisi bila kupoteza ngeli, kwa sisi tunaoandika kutoka Goma

Barua yetu ilirudi. Ilikuwa barua ya komite ya maji ya mtaa wetu hapa Goma, tuliiandika siku mbili nzima, tukaipiga kashe, tukaipeleka kwenye biro moja ya mjini, na kisha siku nne ikarudi na swali moja pembeni kwa biki nyekundu: "Nani aliharibika, komite ao robine?" Papa mmoja wa komite alikasirika sana, akasema wanatuzarau, lakini mi nilipoisoma tena polepole niliona yule mtu wa biro alikuwa na haki kabisa. Sentensi yetu ilikuwa inaruhusu maana zote mbili. Mama sekretere akaniambia, "Baba, wewe njo ulisoma Kiswahili, kaa chini utuonyeshe tulipotea wapi." Nilikaa chini, na hii ninayoandika njo ile kazi niliyoifanya naye siku ile, hatua kwa hatua, nimeongeza tu mifano.

Sentensi yenyewe ni hii, naiacha sawa vile ilivyokuwa:

"Komite ya maji ya mtaa wetu ambayo walichaguliwa na wakaaji ambao waliopoteza nyumba zao wakati volkano ya Nyiragongo iliyolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 wanaomba robine tatu ya komite yenye iliharibika, na ambayo mafundi waliyotumwa mwezi uliopita walisema kama vifaa ambayo iliombwa haiyafika, itengenezwe mbele masomo ya watoto ambao wanachota maji mbali itaanza."

Maneno 55, nukta moja. Kila mtu wa mtaa aliielewa, juu kila mtu alijua tayari habari yenyewe. Mtu wa biro hakuijua, yeye alikuwa na karatasi tu.

Hapo njo shida inaanza. Kwa mudomo sisi watu wa Goma tunasema "batu benye walikuya", "bintu yenye iliharibika", "maji iko mingi", na hakuna mtu anapotea, juu unaniona usoni, unaona nanyoosha mukono wapi, na ukikosa kuelewa unauliza. Kile Kiswahili chetu kina utaratibu wake na mi sikitukani, nilikulia ndani yake. Lakini kinatumia alama chache za ngeli kuliko Kiswahili sanifu, "i-" na "ya" vinabeba mambo mengi, na "-enye" inafanya kazi ya kurejesha, maana yake kufunga maelezo kwa jina lake. Ukipeleka mazoea hayo kwenye sentensi ya maneno 55, kamba zinakatika, msomaji hajui tena kitenzi gani ni cha nani. Kwenye sanifu, kile kialama kidogo cha mbele ya kitenzi (a-, wa-, i-, zi-, vi-, ya-) ni kamba inayofunga kitenzi kwa jina lake, na ile "-o" ya urejeshi (ye, o, yo, lo, cho, vyo, zo) ni kamba ya pili. Kazi yote ya mwongozo huu ni kuangalia kama kila kamba imefungwa kwenye jina lake lenyewe.

Hatua ya kwanza: toa mifupa ya sentensi kabla ya nyama

Chukua karatasi ya pembeni. Uliza: nani anafanya nini? Jibu kwa maneno manne ao matano, usiongeze kitu. Sisi tulipouliza vile, mama sekretere alijibu mara moja: "Komite inaomba robine zitengenezwe." Umeona? Kwa maneno manne alisema "inaomba" bila kufikiri, na kwenye barua mtu yuleyule aliandika "wanaomba". Ngeli aliijua, umbali njo ulimpoteza. Kati ya "komite" na "wanaomba" kuna maneno 25, na ndani yake wanapita "wakaaji", watu, tena wengi, alafu kichwa kinawashika hao juu ni watu wa karibu zaidi, kinasahau komite huko mwanzo.

Kosa la aina hii ni la kila mtu, ata kwa walimu utalikuta. Mfano mwingine wa ripoti: "Orodha ya majina ya watu waliopoteza nyumba wameletwa kwa chefu." Nani ameletwa? Orodha. Basi "imeletwa". Dawa yake ni rahisi, unafunika kwa kidole kila kitu kilicho kati ya jina la kwanza na kitenzi kikubwa, unasoma kilichobaki: "Orodha... wameletwa." Sikio lenyewe litakataa. Fanya hivyo kwa kila kitenzi kikubwa, usiamini macho, funika kwa kidole kabisa.

Kwenye hatua hii kuna aina mbili za majina zinazochanganya watu wetu mno, nakaa hapo kidogo.

Ya kwanza ni jina la kundi. Komite, serikali, baraza, kikundi, familia: ndani yake kuna watu lakini jina lenyewe si mtu. Kwa hiyo komite imeamua, serikali imetangaza, baraza limekutana, kikundi kimeomba. Kama unataka kusema juu ya watu wenyewe, waandike: "wajumbe wa komite wameamua". Vyote viwili ni sawa, kibaya ni kuanza na kimoja na kumaliza na kingine ndani ya sentensi moja, sawa vile tulivyofanya: "komite ambayo walichaguliwa... wanaomba". Chagua mwanzoni, alafu baki pale.

Ya pili ni kinyume chake, jina lenye sura ya kitu lakini ni mtu ao mnyama. Kiongozi, kijana, kipofu, fundi, chefu, mbuzi, ng'ombe. Hao wote wanafuata a- na wa-, ata kama jina linaanza na "ki" ao "vi". Viongozi wa mtaa waliochaguliwa, si "viongozi vya mtaa vilivyochaguliwa". Vijana ambao hawana kazi, si "ambavyo". Kitu kimoja kinabaki tofauti na ni sahihi, usikisahihishe: tunasema ndugu yangu, ndugu zangu, rafiki yetu, rafiki zetu, lakini kitenzi kinarudi kwa watu, "rafiki zetu wamefika".

Na maneno ya kuazima? Robine inakaa vizuri kwenye I-ZI: robine hii, robine hizi. Ripoti vilevile. Bido wengine wanasema bido hii na bido hizi, wengine bido hili na mabido haya, mi sigombani na mtu, lakini ndani ya barua moja usiandike "mabido hizi" ukurasa wa kwanza na "bido haya" ukurasa wa pili.

Jina la mlima nalo lina siri ndogo. Nyiragongo peke yake haina ngeli unayoiona machoni, inachukua ngeli ya jina la aina lililo mbele yake. Mlima Nyiragongo ulilipuka. Volkano ya Nyiragongo ililipuka. Nimekuta ripoti za 2021 zinaanza na "mlima" na mistari miwili mbele "ilitapika", msomaji wa mbali anafikiri ni kitu kingine kimetapika.

Hatua ya pili: urejeshi mmoja kwa kitenzi kimoja

Sanifu inakupa njia mbili kubwa za kusema kile sisi tunachosema kwa "yenye". Unaweza kuingiza -o- ndani ya kitenzi: wakaaji waliopoteza nyumba. Ao unaweza kuweka amba- mbele na kitenzi kinabaki kitupu: wakaaji ambao walipoteza nyumba. Sisi tuliandika "wakaaji ambao waliopoteza". Hapo tumefunga kamba mbili za kazi moja, na hili njo kosa ninalolikuta kuliko yote kwenye barua za hapa. Linatoka kwa heshima, mtu anaona "ambao" ni ya kiofisi na "waliopoteza" ni ya kiofisi, basi anaweka zote mbili ili barua iwe na uzito. Ondoa moja. Yoyote.

Na "wenye", "yenye", "chenye" uziachie kazi yake ya sanifu, maana yake "iliyo na": watu wenye nyumba, mtaa wenye robine tatu. Baada yake linakuja jina. Ukiona baada ya "yenye" kinakuja kitenzi ("yenye iliharibika", "benye walikuya"), umeingiza Kiswahili cha nyumbani kwenye barua, geuza: zilizoharibika, waliokuja.

Sasa sura za -o- zenyewe. Usizikariri kama jedwali, zikariri na jina lake, zinabaki kichwani vizuri zaidi: mtu aliyefika, watu waliofika, mradi ulioanza, miradi iliyoanza, jiwe lililoanguka, mawe yaliyoanguka, kifaa kilichovunjika, vifaa vilivyovunjika, robine iliyoharibika, robine zilizoharibika, ukuta uliobomoka, kuta zilizobomoka, mahali palipoharibika. Mama sekretere aliandika mstari huu kwenye karatasi akaubandika juu ya meza ya komite, na ukiuangalia vizuri utaona kila kitenzi kina alama mbili, ya mbele na ya katikati, zi-li-zo, vi-li-vyo, na zote mbili lazima zitoke kwa jina moja. Ndiyo maana "mafundi waliyotumwa" ni kosa: mbele ni wa- ya mafundi, katikati ni yo ya kitu kingine. "Waliyotumwa" ni neno zima kwenye sanifu lakini maana yake ni lile jambo walilotumwa kulifanya, kwa mfano "kazi waliyotumwa". Mafundi ni waliotumwa.

Kuna wakati -o- haiingii kabisa, na hapo huna chaguo, unachukua amba-. Inaingia na -li- (waliofika), na -na- (wanaofika), na wakati ujao lakini "ta" inakuwa "taka" (watakaofika), na kwenye kukanusha kwa -si- (wasiofika). Haiingii na -me-, wala na makanusho ya "ha-". Huwezi kuandika "vimevyopotea", unaandika vilivyopotea ao ambavyo vimepotea. Huwezi kuandika "waohawajapata", unaandika ambao hawajapata.

Hiyo -si- inahitaji uangalifu kwa watu wa ripoti. "Watu wasiopata maji" haina wakati, inasema ni hali yao, kila siku hawapati. "Watu ambao hawakupata maji" ni wakati uliopita, labda siku moja tu. "Watu ambao hawajapata maji" bado wanangoja. Kwenye ripoti ya kugawa msaada hizo ni orodha tatu tofauti, na mtu anaweza kukosa bido yake ya maji juu ya kiambishi.

Hatua ya tatu: kitenzi chenye -o- kinakaa nyuma ya jina lake palepale

Hii inahusu mpangilio wa maneno, na inasahauliwa juu watu wanaangalia ngeli tu. Ukitumia -o- ndani ya kitenzi, kitenzi hicho kinataka kufuata jina lake mara moja, na mtendaji anaenda nyuma. Barua aliyoandika chefu wa mtaa. Si "barua chefu wa mtaa aliyoandika", hiyo ni mpangilio wa kichwa kinachofikiri kwa Kifaransa. Kama unataka mtendaji abaki mbele ya kitenzi, chukua amba-: barua ambayo chefu wa mtaa aliandika. Amba- inavumilia umbali na inavumilia mtendaji katikati, -o- haivumilii. Mi kwa kazi za biro nafuata hivi: jina linaloelezwa likiwa njo mtendaji (watu waliofika) natumia -o-, ni fupi na safi, jina hilo likiwa mtendewa na mtendaji ana jina refu ("mkuu wa idara ya maji wa mkoa"), natumia amba-.

Lakini kuna mtego ambao ngeli haiwezi kukuokoa, na unaweza kuleta kesi. Soma: "kijana aliyempiga jirani". Nani alipiga? Kwa sababu mtendaji anaweza kwenda nyuma, sentensi hii ina maana mbili kamili. Inaweza kuwa kijana alimpiga jirani, inaweza kuwa jirani alimpiga kijana. Wote wawili ni watu, wote wawili ni wa umoja, a- na -m- na -ye- zinawafaa sawa. Kwa mudomo sauti inasaidia. Kwenye ripoti ya ugomvi, ao malalamiko kwa polisi, usiache neno kama hilo. Kama kijana njo alipigwa, andika "kijana aliyepigwa na jirani" ao "kijana ambaye jirani alimpiga". Kama yeye njo alipiga, "kijana ambaye alimpiga jirani" ni bora kidogo. Kila mara ukiona kitenzi chenye -ye- na -m- ndani na mtu mwingine mmoja nyuma yake, simama.

Hatua ya nne: pale majina mawili yanashiriki alama moja

Turudi kwa swali la biki nyekundu. "Robine tatu ya komite yenye iliharibika." Kwanza "ya" ni ya umoja na robine ni tatu, ilitakiwa "robine tatu za komite". Alafu "iliharibika" inaonyesha kitu kimoja cha i-, na kitu cha karibu cha i- ni komite. Mtu wa biro alifuata kamba vizuri kabisa, kamba njo ilifungwa pabaya. Ukiandika "robine tatu za komite zilizoharibika", swali linakufa palepale, juu komite moja haiwezi kuchukua zi-. Hapo unaona ngeli inakufanyia kazi: kamba sahihi inaonyesha jina lake ata likiwa mbali.

Na angalia kile kiunganishi "-a", sisi kwa mudomo tunasema "ya" kwa karibu kila kitu, "batu ya Goma", "bitabu ya masomo". Kwenye sanifu kinabeba maana. "Orodha ya wakaaji ya mwaka 2021" ni orodha iliyotengenezwa mwaka 2021. "Orodha ya wakaaji wa mwaka 2021" ni orodha ya watu waliokaa pale mwaka ule, na inaweza kuwa imeandikwa jana. Herufi moja, na familia zilizohamia kisha mlipuko zinaingia ao zinatoka.

Lakini kuna mahali ngeli inanyamaza. Alama ya i- ni ya robine moja, ya komite moja, na vilevile ya miradi mingi, milima mingi, mipaka mingi. Kwa hiyo "miradi ya komite iliyosimamishwa" ni sahihi kisarufi na bado hatujui nini kimesimamishwa, miradi ao komite. Kubadili kwa "ambayo" hakusaidii kitu, "ambayo" ni ya wote wawili. "Ambao" pia ni hivyo, inafaa watu na inafaa mkutano: "mkutano wa viongozi ambao..." msomaji anangoja kitenzi ndiyo ajue. Hapo bora -o-: mkutano wa viongozi uliofanyika, mkutano wa viongozi waliofukuzwa, alama ya mbele inasema mapema.

Kwa ile ya miradi hakuna kiambishi cha kukuponyesha, unavunja sentensi: "Komite ilikuwa na miradi miwili. Miradi hiyo ilisimamishwa." Ao unageuza nani ni kichwa: "komite ambayo miradi yake ilisimamishwa". Hiyo sura ya mwisho ishike vizuri, "ambaye... yake" ndiyo njia ya kusema mwenye mali: mama ambaye nyumba yake iliungua. Na kama kitenzi chako kinataka "na", usikiache kinaning'inia: fundi tuliyezungumza naye, si "fundi tuliyezungumza". Kwa mahali tumia -po-, -ko-, -mo-: mahali tulipokutana, nyumba walimolala.

Neno moja juu ya majina mawili yaliyoungwa na "na". "Nyumba na mashamba yaliyoungua" inaeleweka na inakubalika, kitenzi kinafuata jina la karibu, lakini msomaji mkali anaweza kusema mashamba tu njo yaliungua. Mi naandika "nyumba zilizoungua na mashamba yaliyoungua". Inarudia, ndiyo, lakini hakuna wa kuniuliza.

Hatua ya tano: kujenga upya

Tulirudi kwenye barua na mifupa yetu mkononi, "Komite inaomba robine zitengenezwe", tukaongeza nyama kipande kimoja kimoja, kila kipande tunauliza: wewe ni wa nani?

"Ambayo walichaguliwa" ni ya komite, basi iliyochaguliwa. "Ambao waliopoteza" ni ya wakaaji, basi waliopoteza peke yake. "Wakati volkano iliyolipuka": hapa hatuelezi ni volkano gani, tunaeleza ni lini, na wakati unataka -po-, basi ilipolipuka. "Robine tatu yenye iliharibika" inakuwa robine tatu zilizoharibika. "Ya komite" tuliitoa kabisa, robine ni za mtaa na kila mtu anajua komite ya maji inasimamia nini. "Walisema kama" ni ya mudomo, kwenye barua ni "walieleza kuwa", juu msomaji wa nje anaweza kuielewa "kama" kuwa sharti. "Vifaa ambayo iliombwa haiyafika" ina kamba tatu na zote zimefungwa kwa kitu ambacho hakipo, inakuwa vifaa vilivyoombwa havijafika. Kati ya "robine" na "itengenezwe" kuna maneno 17, ikasahau kuwa ni tatu: zitengenezwe. "Masomo... itaanza" inakuwa masomo yataanza, lakini "mbele masomo itaanza" yenyewe si ya sanifu, tukaandika kabla masomo hayajaanza.

Tulipomaliza kusahihisha alama zote, sentensi ilikuwa sahihi na bado ilikuwa mbaya. Hiki njo kitu nilitaka mama sekretere akione kwa macho yake. Ndani ya ombi kulikuwa na mafundi, na ndani ya mafundi kulikuwa na vifaa, urejeshi ndani ya urejeshi ndani ya urejeshi. Mi naweka mpaka hapa: jina moja linaweza kubeba urejeshi mmoja, na ndani ya ule urejeshi ninakubali mwingine mmoja mfupi, basi. Wa tatu unatoka nje, unapata sentensi yake. Na ombi linakaa mwanzo, historia inakuja kisha. Barua iliyopelekwa mara ya pili ilisema hivi:

"Komite ya maji ya mtaa wetu inaomba robine tatu zilizoharibika zitengenezwe kabla masomo hayajaanza, kwa sababu watoto wanachota maji mbali. Mafundi waliotumwa mwezi uliopita walieleza kuwa vifaa vilivyoombwa kwa kazi hiyo bado havijafika. Komite hii ilichaguliwa na wakaaji waliopoteza nyumba zao volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021."

Papa wa komite aliuliza kama haijapoteza heshima kwa kuwa fupi, anapenda sentensi moja ndefu yenye uzito, na kuna mandiko ya kiofisi ambayo kweli yanataka hivyo. Nikamwonyesha inawezekana pia: "Komite ya maji ya mtaa wetu, iliyochaguliwa na wakaaji waliopoteza nyumba zao volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, inaomba robine tatu zilizoharibika zitengenezwe kabla masomo hayajaanza." Inasimama, juu urejeshi umefungwa kati ya koma mbili, na ukifunika kilicho kati ya koma unabaki na "Komite ya maji ya mtaa wetu inaomba robine tatu zilizoharibika zitengenezwe...". Kama ukifunika na kilichobaki hakisomeki, koma zako ziko pabaya. Ile habari ya mafundi lakini haikuingia, na haitaingia, iache iwe sentensi yake.

Ukaguzi wa mwisho kwenye ordinatere

Kile kisahihishaji cha ndani ya ordinatere hakitakusaidia hapa, "ambayo" ni neno zuri ata likiwa mahali pabaya, na halitapigwa mstari mwekundu. Tafuta mwenyewe. Bonyeza Ctrl+F, andika `amba`, na kwa kila moja inayotokea fanya mambo mawili: soma jina lake lililo kabla yake kwa sauti pamoja nayo (komite ambayo, vifaa ambavyo, watu ambao), alafu angalia kitenzi kinachokuja baada yake kama kina -o- ya pili, ikiwepo toa moja. Barua yetu ilikuwa na "ambayo" tatu, moja ya komite, moja ya robine, moja ya vifaa, na ni ile ya kwanza peke yake iliyokuwa sahihi. Kisha andika `enye`, uangalie kama baada yake kuna jina ao kitenzi. Kisha andika ` ya ` na nafasi mbele na nyuma, hii inachosha, zitakuja nyingi, lakini hapo njo utakuta "watu ya", "vifaa ya", "robine tatu ya".

Mwisho mpe mtu asiyejua habari yenyewe aisome, asiwe wa mtaa wako. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize nani anaomba, nini kiliharibika, nani alitumwa, nini hakijafika. Mama sekretere alimpa dada yake aliyekuja kututembelea kutoka Bukavu, akajibu yote manne bila kurudi nyuma kwenye karatasi, tukapiga kashe.